Je, wajua kwa nini katuni kwenye pakiti humshinda mtoto hata akijua ni tangazo?

"Mwanangu ana miaka sita na tangazo analijua akiliona. Mbona tukifika dukani anang'ang'ania biskuti zenye katuni tu, hata nikimwambia lile ni tangazo?" – mzazi, Igoma, Mwanza

Kulitambua tangazo ni jambo moja, kujua linakutaka ufanye nini ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili hupita miaka. Mtoto wa miaka mitano hivi hulitambua kwa sura yake: ni fupi, lina muziki wake, limemkatishia kipindi. Ukimuuliza limewekwa kwa ajili gani, atakujibu "linaonyesha biskuti". Jibu la "wanataka tununue" huanza kusikika akiwa na miaka saba au nane. Kwamba mwenye bidhaa husifu mazuri na kunyamazia mabaya, hilo huchelewa zaidi. Kwa hiyo mwanao anapoitikia kwamba ni tangazo, amelipa jina lake tu. Hajajua kwamba nyuma ya yule katuni kuna mtu mzima aliyekaa akapanga namna ya kumvuta.

Wala akishajua, hajawa salama. Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Deborah Roedder, aliwagawa watoto katika makundi matatu. Walio chini ya miaka minane hivi hawana bado maarifa ya kujikinga na ushawishi. Wa miaka minane hadi kumi na miwili wanayo, ila hayawajii vichwani wenyewe wasipokumbushwa. Kuanzia hapo ndipo wengi huweza kuyatumia bila msaada. Kundi la kati ndilo linalotudanganya sisi wazazi. Mtoto wa miaka kumi anaweza kukueleza vizuri kabisa jinsi matangazo yanavyofanya kazi mkiwa mezani, kisha kesho yake akashika pakiti asikumbuke hata neno moja.

Sasa tuichukue pakiti yenyewe. Tuseme ni biskuti za shilingi 200 dukani kwa Mangi, njia ya kwenda shule. Mbele kuna kiboko wa katuni anayepiga mpira, yule yule ambaye watoto humtazama kwenye televisheni. Chini yake pameandikwa: "Kusanya pakiti tupu 10 ujipatie mpira bure." Pembeni, kwa herufi ndogo: "Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Kiboko ndiye mwenye nguvu kuliko vyote hivyo. Mtoto hamwoni kama muuzaji. Ni rafiki yake, na neno la rafiki halipimwi. Ndiyo maana tangu mwaka 1974 mamlaka ya utangazaji ya Marekani hairuhusu mhusika wa kipindi cha watoto kuuza bidhaa ndani ya kipindi chake au katika matangazo yanayokizunguka. Mwaka 1988 Dale Kunkel alijaribu jambo hilo kwa watoto wa miaka minne na mitano, na wengine wa saba na nane. Tangazo lilipotumia mhusika yule yule wa kipindi, makundi yote mawili yalipata shida zaidi kutenganisha tangazo na kipindi. Na waliovutwa zaidi kuitaka bidhaa walikuwa wale wakubwa.

Mpira nao una hesabu yake. Pakiti 10 za shilingi 200 ni shilingi 2,000, na mtoto aliyefikisha pakiti saba hawezi tena kuacha, maana ataona amepoteza saba. Mtu mzima huziona 2,000 kabla hajaanza. Mtoto huona neno "bure".

Halafu yale masharti. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watoto wa miaka sita na minane tangazo la kitu cha kuchezea kinachouzwa vipande vipande. Onyo lililotumika kwa kawaida, lenye maneno rasmi kwamba bidhaa inahitaji kuunganishwa, halikuwasaidia kuliko kutokuwa na onyo kabisa. Lilipobadilishwa na kuwa maneno mepesi, kwamba ni lazima uiunganishe wewe mwenyewe, watoto wengi zaidi walielewa. "Vigezo na masharti kuzingatiwa" ni onyo la aina ile ya kwanza. Linamkinga mwenye kampuni, halimwelezi mtoto kitu. Kama mpira ni kwa watoto 50 wa kwanza tu, paandikwe hivyo hivyo, kwa herufi kubwa kama za neno "bure".

Sheria inasemaje? Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Kwa mpira usiotolewa, sheria hiyo ina meno. Kwa kiboko haina pa kushika kwa urahisi, kwa sababu kiboko hakusema uongo. Hakusema kitu chochote, alipiga mpira tu. Sheria ya upotoshaji huuliza kama maneno ni ya kweli, wakati tatizo la mtoto ni kwamba hajui kama kuna mtu anayemshawishi. Kwa maoni yetu, pengo kubwa liko hapo.

Kuna waliojaribu kuliziba. Uswidi imezuia matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 12. Jimbo la Quebec, Kanada, limezuia tangu 1980 matangazo ya biashara kwa walio chini ya miaka 13, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaikubali sheria hiyo mwaka 1989. Quebec hawaulizi kama tangazo ni la kweli. Wanaangalia bidhaa ni ya nani na ya kazi gani, imeonyeshwa kwa namna gani, na wapi, saa ngapi. Biskuti huliwa na kila mtu, lakini kiboko wa katuni katikati ya kipindi cha watoto saa kumi jioni haachi shaka anaongea na nani. Hata hivyo sheria yao imeacha upenyo kwa maandishi na picha za kwenye pakiti yenyewe. Chile ndiyo iliyofika huko: tangu 2016, chakula kilichozidi viwango vya sukari, chumvi, mafuta au kalori hakiruhusiwi kuwa na katuni wa kuvutia watoto kwenye pakiti, wala kutoa zawadi kama ule mpira.

Dukani, "hilo ni tangazo" haitoshi, kwa kuwa inampa jina analolijua tayari. Muulize maswali yenye mtu ndani yake: "Nani kamweka kiboko hapa? Anataka ufanye nini? Angeondolewa, biskuti ingebadilika ladha?" Uliza kabla hajashika pakiti, maana akishaishika umechelewa. Kwa mtoto wa miaka tisa au kumi, swali moja mara nyingi hutosha, kwa kuwa jibu analo. Kwa wa miaka mitano usitegemee kabisa. Huyo mpitishe upande mwingine, au amueni nyumbani mtanunua nini.

Zawadi isipotolewa, tunza pakiti zote tupu, piga picha tangazo na yale maandishi madogo, andika tarehe na jina la duka, kisha upeleke malalamiko Tume ya Ushindani. Kama lilisikika redioni au kwenye televisheni, andika kituo na saa, upeleke Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza.

Kwenye simu kazi ni ngumu zaidi. Video ya YouTube ya mtoto anayefungua zawadi haina muziki wa kukatisha kipindi wala mwanzo na mwisho wa tangazo, kwa hiyo hata ile alama ya sura ambayo wa miaka mitano huitegemea haipo. Hapo anayeweza kujua kwamba kuna biashara ni aliyekaa pembeni yake, na ni lazima aseme wakati video inaendelea.