Ubia unapogeuka kampuni: hisa zigawanywe vipi kwenye mtihani?

Swali la kugeuza ubia kuwa kampuni huwa refu, ukurasa mzima wakati mwingine, lakini kuna sentensi moja ya mwishoni ambayo watahiniwa wengi huipita mbio: "Hisa zitagawanywa kwa wabia kwa uwiano wao wa kugawana faida." Nafundisha utunzaji wa hesabu jioni hapa Arua, watu wanaojiandaa kwa mitihani ya ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda, na nikisahihisha majaribio yao naanzia hapo. Anayejua sentensi hiyo inamtaka afanye nini, mara nyingi na kazi yote ya juu yake iko sawa. Asiyejua huzigawa hisa mpaka akaunti za mitaji zijifunge zenyewe, kisha anapiga mstari na kwenda swali linalofuata.

Tuchukue swali moja tulifanye lote. Akello, Babirye na Chandiru wana duka la vifaa vya ujenzi na wanagawana faida 3:2:1. Tarehe 30 Juni 2024 mizania yao ilikuwa hivi, kwa mamilioni ya shilingi: jengo 120, gari 30, bidhaa 50, wadaiwa 40 na benki 20. Jumla 260. Upande wa pili kuna wadai 35, mkopo ambao Akello aliukopesha ubia 15, mitaji ya Akello 100, Babirye 60 na Chandiru 30, na akaunti zao za karenti: Akello 10, Babirye 12, Chandiru ana pengo la 2 kwa sababu alitoa zaidi ya alichopata.

Kampuni mpya inachukua jengo kwa 150, bidhaa kwa 46, wadaiwa kwa 36, na inabeba wadai wote. Gari anaondoka nalo Babirye kwa 24. Gharama za kuvunja ubia ni 5, na zinalipwa na ubia wenyewe. Kampuni inalipa kwa kutoa hisa 192,000 zenye thamani ya msingi ya shilingi 1,000 kila moja, kwa bei ya shilingi 1,250.

Kabla ya kugusa kalamu, tafuta bei ya ununuzi. Hisa 192,000 mara 1,250 ni milioni 240. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea: mtu anaona 1,000 imeandikwa, anazidisha kwa 1,000 na kupata 192. Wabia hawakuuza biashara kwa 192. Kitu walichopokea kina thamani ya 240, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye vitabu vyao. Ile 250 ya ziada kwa kila hisa ni suala la vitabu vya kampuni, tutalifikia.

Sasa fungua akaunti ya rializesheni, yaani ile inayokusanya mali zinazoondoka na kutuonyesha ziliondoka kwa faida au hasara. Upande wa debiti ingiza mali kwa thamani ya vitabuni, si ile ya kampuni: jengo 120, gari 30, bidhaa 50, wadaiwa 40. Ongeza gharama 5. Jumla ni 245. Benki haingii, maana kampuni haikuichukua. Ingeichukua, ingehamia humo kama mali nyingine. Mkopo wa Akello nao hauingii. Huo ni deni la ubia kwa mtu, unalipwa kwa pesa ya benki na kufungwa.

Upande wa krediti ingiza wadai 35, kwa kuwa kampuni imewabeba, gari alilochukua Babirye 24, na kampuni yenyewe 240. Jumla 299. Tofauti ya 54 ni faida, na kwa uwiano wa 3:2:1 Akello anapata 27, Babirye 18, Chandiru 9.

Umeona gudwili, yaani kile ambacho mnunuzi hulipa juu ya thamani ya mali halisi, haijatajwa? Imo ndani ya 240 tayari. Mali zinazochukuliwa ni 150 na 46 na 36, jumla 232. Toa wadai 35, zinabaki 197. Kampuni imelipa 240, kwa hiyo imenunua gudwili ya 43. Mtahiniwa anayepiga hesabu hiyo mapema huingiwa na hamu ya kuiandika 43 upande wa krediti juu ya ile 240, na faida yake inapanda hadi 97. Dalili yake haijifichi: jumla ya mitaji mitatu itazidi thamani ya hisa kwa 43, na benki haina hata shilingi ya kuziba. Ukiona tofauti iliyo sawasawa na gudwili, umeihesabu mara mbili.

Baada ya hapo hamisha akaunti za karenti ziingie kwenye mitaji. Pengo la Chandiru linakwenda debiti, na gari la Babirye vilevile. Hali inakuwa hivi:

| | Akello | Babirye | Chandiru |
|---|---|---|---|
| Mtaji | 100 | 60 | 30 |
| Karenti | 10 | 12 | (2) |
| Faida ya rializesheni | 27 | 18 | 9 |
| Gari | – | (24) | – |
| Anachodai | 137 | 66 | 37 |
| Hisa kwa 3:2:1 | (120) | (80) | (40) |
| Pesa | 17 apokee | 14 alete | 3 alete |

Jumla ya wanachodai ni 240, na hisa ni za 240. Usiendelee kabla ya kuona wanachodai kimelingana na hisa pamoja na kilichobaki benki. Benki ilikuwa na 20. Imelipa gharama 5 na mkopo wa Akello 15, imebaki tupu. Kwa hiyo 240 kwa 240, hesabu imekaa.

Sasa ile sentensi. Hisa 192,000 kwa 3:2:1 ni hisa 96,000 kwa Akello, 64,000 kwa Babirye na 32,000 kwa Chandiru. Kwa bei ya 1,250 ni milioni 120, 80 na 40. Akello anadai 137 na amepewa hisa za 120, bado anadai 17. Babirye anadai 66 na amepewa za 80, kwa hiyo analeta 14 benki. Chandiru analeta 3. Zinaingia 17, zinatoka 17, na akaunti zote zinafungwa. Wanafunzi huuliza kwa mshangao, "Mwalimu, mtu anauza biashara yake halafu anatoa pesa mfukoni?" Ndiyo. Amepokea hisa zinazozidi haki yake, lazima alipie ziada hiyo, na pesa yake haiendi kwa kampuni bali kwa mwenzake aliyepokea pungufu.

Lakini kwa nini wajisumbue hivyo? Wangeweza kugawana hisa kwa kufuata wanachodai, 137 na 66 na 37, na pesa isiguswe kabisa. Akello angepata hisa 109,600, Babirye 52,800, Chandiru 29,600. Jumla ni ileile 192,000, na kila akaunti inajifunga. Hesabu hii ni safi, ndiyo maana inawavuta watu. Ila angalia kinachotokea mwaka unaofuata. Tuseme kampuni inagawa gawio la milioni 48, yaani shilingi 250 kwa hisa. Kwa mgawo wa 3:2:1 Akello anapata 24, Babirye 16, Chandiru 8, sawasawa na walivyokuwa wakigawana faida kwenye ubia. Kwa mgawo wa pili Akello anapata 27.4, Babirye 13.2, Chandiru 7.4. Babirye alichukua gari la milioni 24, na kwa ajili ya gari hilo amejipunguzia gawio la kila mwaka. Kwenye ubia kuchukua gari kungepunguza mtaji wake, lakini theluthi yake ya faida isingeguswa.

Kuna na kura. Azimio la kawaida la kampuni hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, na kura kwa kawaida hufuata hisa. Akiwa na hisa 96,000, Akello ana nusu kamili. Peke yake hapitishi kitu. Akiwa na 109,600 ana asilimia 57, na wenzake wawili wakiungana bado hawamzuii. Swali linaloishia na "eleza kwa nini wabia walichagua uwiano huo" linataka mambo haya mawili, gawio na kura. Sentensi mbili zenye namba zinatosha.

Mtahini akitaka kukusumbua zaidi atasema wabia hawana pesa ya kuleta, hivyo hisa za kawaida zitolewe kwa 3:2:1 kadiri inavyowezekana, na wenye ziada wapewe hati za mkopo za kampuni au hisa za upendeleo. Hapo unamtafuta kwanza mwenye dai dogo kuliko wote kwa kila fungu la uwiano. Babirye ana 66 kwa mafungu mawili, yaani 33 kwa fungu, Chandiru 37, Akello karibu 46. Babirye ndiye wa chini, basi fungu moja ni 33: hisa za kawaida zinakuwa za 99, 66 na 33. Akello anabaki na dai la 38 na Chandiru la 4, na hayo 42 ndiyo yanayolipwa kwa hati za mkopo. Jumla inarudi 240, na gawio la hisa za kawaida linabaki 3:2:1 bila mtu kutoa pesa. Hati hizo za mkopo zina riba, na riba hiyo inachukua nafasi ya riba ya mtaji waliyokuwa wakilipana kwenye ubia, kama walikuwa nayo.

Vitabu vya kampuni ni kazi fupi. Debiti jengo 150, bidhaa 46, wadaiwa 36, gudwili 43, jumla 275. Krediti wadai 35, mtaji wa hisa 192 na primiamu ya hisa 48. Mali sasa zinaingia kwa thamani ya kampuni, si ya vitabu vya zamani, na ile 250 kwa kila hisa inakaa kwenye akaunti ya primiamu peke yake, haichanganywi na mtaji. Gari halimo. Mkopo wa Akello haumo. Pesa aliyoleta Babirye haimo pia, ilipita kwenye benki ya ubia tu.

Jambo la mwisho la kuangalia kwenye karatasi ya swali: kama limesema kampuni itaendelea kutumia vitabu vilevile vya ubia, huna haja ya rializesheni. Unatumia akaunti ya kuthaminisha upya mali, ukiingiza mabadiliko peke yake: jengo limepanda 30, gudwili imetokea 43, bidhaa zimeshuka 4, wadaiwa 4, gari 6, gharama 5. Tofauti ni ileile 54.