"Video yangu ni safi, weka Hapana": dhana potofu kuhusu lebo na hadhira ya video za watoto

Kazi yangu ni kuwaandikia watu vichwa, maelezo na lebo kabla hawajapandisha video zao YouTube, na wateja wangu wengi wanatengeneza video za watoto. Kila video inapopandishwa, YouTube huuliza kwenye sehemu ya hadhira kama imetengenezwa kwa ajili ya watoto, Ndiyo au Hapana. Kuna maagizo ambayo nimeyachoka: "Kwenye hadhira niwekee Hapana, nisipoteze maoni na matangazo. Video yenyewe ni safi, haina neno." Anayeagiza hivyo ndiye huyohuyo aliyeniletea kichwa chenye neno "watoto" mara mbili.

Dhana: swali la hadhira linauliza kama video ni safi

Haliulizi usafi. Linauliza video imetengenezwa kwa ajili ya nani, na chanzo chake ni data. Marekani ina sheria ya mwaka 1998 iitwayo COPPA, inayozuia huduma za mtandaoni kukusanya taarifa binafsi za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Septemba 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza shauri la Tume ya Biashara ya Shirikisho na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York. Madai yalikuwa kwamba watazamaji wa chaneli za watoto walifuatiliwa ili waonyeshwe matangazo yanayomlenga kila mmoja. Kuanzia Januari 2020, kila mwenye chaneli, popote alipo, anatakiwa kusema kama video yake imetengenezwa kwa ajili ya watoto.

Ukijibu Ndiyo, matangazo yanayofuata nyendo za mtazamaji huzimwa, ingawa yale yanayoendana na maudhui ya video yanaweza kubaki. Maoni hufungwa, kadi na skrini ya mwisho huondoka, na mtazamaji hawezi kuihifadhi video kwenye orodha yake. Mfukoni inauma, sibishi.

Kwa hiyo zipo video safi kabisa ambazo jibu lake halali ni Hapana. Chukua video inayomwonyesha mtu mzima jinsi ya kumshonea mwanasesere gauni: mwanasesere yumo, rangi zimo, lakini anayesemeshwa ni mwenye cherehani. Tume yenyewe imeeleza kwamba rangi kali au katuni peke yake haviifanyi video kuwa ya watoto. Kinachotazamwa ni jumla: mada, wahusika, wepesi wa lugha, nyimbo na michezo iliyomo, na namna wewe mwenyewe unavyoinadi.

Hapo penye kuinadi ndipo wateja wangu hujifunga. Kichwa na lebo ni sehemu ya ushahidi. Hebu tuchukue video ya aina ninayoletewa kila mara: kuku wa katuni anahesabu vifaranga wake kutoka moja hadi kumi, dakika tatu, wimbo ukirudiwa. Hadhira imewekwa Hapana. Kichwa kimekuja hivi:

"KATUNI MPYA Nyimbo za Watoto Kuhesabu ABC Rangi Hadithi za Watoto SALAMA KWA FAMILIA"

Ndani ya video hakuna ABC, hakuna somo la rangi, wala hakuna hadithi. Wimbo ni mmoja. Kichwa kinamdanganya mzazi anayetafuta somo la herufi, na papo hapo kinakana jibu la Hapana lililowekwa chini yake. Huwezi kuita "nyimbo za watoto" kwa herufi kubwa halafu ukasema hukuwalenga watoto.

YouTube nayo ina mfumo wa kutambua video za namna hii. Ukikuona umekosea, hubadilisha jibu lako, na kuanzia hapo huwezi kulirudisha mwenyewe. Kinachobaki ni kukata rufaa. Wanaosimamia video kupitia API, yaani njia ya programu nyingine kuwasiliana na YouTube, wataona jambo hilo kwenye sehemu ya `status`:

```
"selfDeclaredMadeForKids": false,
"madeForKids": true
```

Mstari wa kwanza ni ulichosema wewe. Wa pili ni hali halisi ya video. Vikitofautiana hivi, usiulize kwa nini maoni yamefungwa. Na ukirudia kosa hili, chaneli nzima inaweza kuchukuliwa hatua.

Mimi video hiyo ningeiita "Kuku anahesabu vifaranga 1 hadi 10 | Wimbo wa watoto", hadhira Ndiyo. Mstari wa kwanza wa maelezo ungesema kwamba wimbo unahesabu polepole na namba inaandikwa kwenye skrini kila kifaranga anapotokea, kwa kuwa hicho ndicho mzazi anataka kujua kabla ya kumpa mtoto simu. "Salama kwa familia" ningeifuta. Ni sifa ya kujipa, na hakuna mtambo unaoisoma kama kibali.

Dhana: maneno ya watoto yakiwa mengi, watazamaji huja wengi

Kisanduku cha lebo kina nafasi ya herufi 500, na watu wanaona ni wajibu kukijaza. YouTube yenyewe inasema lebo zina mchango mdogo sana katika video kuonekana. Faida yake kubwa ni pale jina linapokosewa tahajia mara kwa mara. Kuhamishia rundo hilo la lebo kwenye maelezo ni kosa kabisa. Kutaja mhusika maarufu wa katuni ambaye hayumo ni upotoshaji, na ukimweka kweli kisha ukamfanyisha ukatili au mambo ya kikubwa kwenye video iliyovikwa sura ya utoto, umeingia kwenye sera ya usalama wa watoto, ambayo haina mzaha.

Kuna jingine wasilolijua. Tangu 2021, vigezo vya ubora wa video za watoto vinahusishwa na mapato, na kurundika au kupindapinda maneno yanayopendwa na watoto kumetajwa humo kama dalili ya ubora hafifu. Yaani lebo zile za kuvutia watazamaji ndizo zinazoweza kukukosesha matangazo.

Ushauri wangu, ambao wateja huuona wa kitoto lakini siuachi: tazama video yako mwanzo hadi mwisho ukiwa na kichwa na lebo zako kwenye karatasi. Kila jina la kitu usichokiona wala kukisikia, kata. Mara nyingi karatasi hubaki na maneno sita au saba, na yanatosha.

Dhana: ukiandika "si ya watoto" kwenye maelezo umejikinga

Hapana. Sentensi ya maelezo haigusi mpangilio wa hadhira. Kuweka kizuizi cha miaka 18 kwenye katuni ya kuhesabu ndiyo kichekesho zaidi: hicho ni cha maudhui ya watu wazima, na kitawafungia nje wote ambao hawajaingia kwenye akaunti, mzazi akiwemo.

Dhana: `isFamilyFriendly` kwenye tovuti inatosha

Alama hiyo ya kwenye msimbo wa ukurasa, pamoja na `<video:family_friendly>` ya ramani ya tovuti, inazungumza na injini za utafutaji. Ukiandika `no` kwenye ramani ya tovuti, Google haitaionyesha video kwa mtu aliyewasha SafeSearch, kichujio chake cha maudhui ya kikubwa. Haisemi lolote kuhusu nani amelengwa, na haibadilishi kitu YouTube.

Dhana: chaneli ikishawekwa, kila video imewekwa

Ni kweli kwa chaneli ya aina moja tu. Kama una nyimbo za watoto na pia mafunzo kwa wazazi, usiweke mpangilio wa chaneli nzima, jibu video moja moja. Jibu la video ndilo linaloshinda la chaneli. Anza na zile za zamani zinazotazamwa zaidi, maana ndizo ambazo hakuna aliyezirudia tangu zipandishwe.