Kuamka Usiku Mara Tatu: Je, Ni Ugonjwa?

Daktari, habari za kazi. Nina miaka 44, nashona nguo hapa Mbagala. Nalala saa nne usiku, lakini karibu kila siku nashtuka saa saba na kidogo, tena karibu saa tisa, tena saa kumi na kitu. Kila mara nageuka, nalala tena. Saa kumi na moja na nusu naamka, mchana sisinzii. Mama mkwe anasema nina ugonjwa wa kukosa usingizi. Ni kweli?

Nzuri, mama. Kwa maelezo haya, hapana. Kinachokuamsha ni mpangilio wenyewe wa usingizi.

Usingizi huenda kwa mizunguko. Unaanza mwepesi, unazama hadi usingizi mzito, unapanda tena, kisha unaingia usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope. Hapo mzunguko mmoja umekwisha na mwingine unaanza. Kwa mtu mzima mzunguko huchukua kama dakika 90, ingawa unaweza kuwa dakika 70 au 120, na kwa usiku mmoja tunapata minne hadi sita.

Sasa tupige hesabu ya usiku wako. Tuseme usingizi umekuchukua saa nne na robo. Mzunguko wa kwanza unaisha karibu saa sita kasorobo, wa pili saa saba na robo, wa tatu saa tisa kasorobo, wa nne saa kumi na robo. Linganisha na saa ulizonitajia. Ubongo ukiwa kwenye ndoto unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho, kwa hiyo ndoto inapoisha ni rahisi kufumbua macho, kugeuka ubavu, kuvuta shuka, kisha kuzama tena. Wote tunafanya hivyo. Tukirudi usingizini baada ya dakika moja au mbili, asubuhi hatukumbuki. Huenda hata ile saa sita kasorobo uliamka kidogo, ila hukuiweka akilini.

Mbona saa saba narudi usingizini upesi, lakini saa kumi akili inakuwa nyepesi, na joto nalisikia zaidi?

Usingizi mzito karibu wote hulaliwa mwanzoni mwa usiku. Mchana kutwa ubongo hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo inayoleta uzito wa macho, na ukilala inapungua. Ikifika saa kumi, sehemu kubwa imeshaondoka. Unabaki na usingizi mwepesi na ndoto ndefu, na hapo kitu kidogo tu kinakuamsha: mbu aliyeingia ndani ya chandarua, pikipiki barabarani, baadaye adhana ya alfajiri.

Kuhusu joto, umeona vizuri. Wakati wa ndoto mwili haudhibiti joto lake vizuri kama nyakati nyingine, na ndoto ndefu ziko mwisho wa usiku. Kwa hiyo Januari hapa Dar, umeme ukikatika na feni ikasimama saa tisa, utaamka haraka kuliko ambavyo ungeamka saa tano. Ukiweza, fungua dirisha lenye wavu na ulalie shuka jepesi la pamba.

Ninachokuomba ni kitu kimoja: ukiamka usiangalie saa. Mwanga wa simu unakuchangamsha, na ukianza kuhesabu saa zilizobaki, wasiwasi unageuza dakika mbili kuwa nusu saa. Igeuze simu kifudifudi, mbali na mkono.

Basi ni wakati gani niwe na wasiwasi?

Usihesabu mara ulizoamka. Angalia unakaa macho muda gani, na mchana unakuwaje. Ukikaa macho zaidi ya nusu saa, angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu, na mchana unachoka au unakosea vipimo vya nguo, huko ndiko kukosa usingizi kwenyewe, na kuna tiba yake hata bila vidonge. Usingoje miezi hiyo iishe ndipo uje.

Kuna dalili nyingine ambazo mara nyingi anayelala pembeni yako ndiye anayeziona. Mwulize mumeo kama unakoroma kwa nguvu, kisha unanyamaza kama pumzi imekatika, halafu unavuta hewa kwa kishindo. Hali hiyo hukatisha usingizi mara nyingi sana bila wewe kujua, na asubuhi unaamka na kichwa kizito au kinachouma. Hilo lipeleke hospitali. Na kama kinachokuamsha ni mkojo kila mara, huku mchana una kiu isiyoisha, nenda kituo cha afya kilicho karibu ukapime sukari wiki hii hii.