Mahamri Thelathini: Hesabu ya Biashara ya Kazini

Je, kwa nini husemwa kwamba mwajiriwa anayewauzia wenzake vitafunio au nguo kazini hana cha kupoteza? Na ikiwa ndivyo, mbona wengi huiacha biashara hiyo kabla ya mwaka kwisha?

Cha kupoteza kipo, ila ni kidogo, na udogo wake unatokana na jambo moja: muuzaji wa kazini anaweza kuwajua wanunuzi wake kabla hajawasha jiko. Mwenye kibanda kando ya barabara ya Malindi hukaanga kwanza, kisha akangoja wapita njia, hali amekwisha kulipa kodi ya kibanda. Mwajiriwa hana kodi ya kulipa, chakula cha nyumbani kinatoka kwenye mshahara, na jioni anaweza kuuliza kwenye Wasapu nani atataka mahamri kesho na mangapi.

Tuchukue mfano wa karani katika hoteli ya ufukweni mjini Malindi, yenye wafanyakazi arubaini hivi. Saa nne asubuhi wafanyakazi hupewa chai, lakini chai hiyo haina kitafunio. Karani anakanda kilo moja ya unga wa ngano usiku, kwa tui la nazi, hamira, sukari na iliki, anauacha uumuke, na baada ya sala ya alfajiri anasukuma, anakata na kukaanga. Akikata kwa kipimo cha wastani hupata mahamri thelathini. Bei za vitu hupanda na kushuka, basi tuseme unga ni shilingi 90, nazi 50, sukari 30, hamira na iliki 30, mafuta yanayonywewa 80 na mkaa 40. Jumla ni shilingi 320. Akiuza kila hamri kwa shilingi 15 atapata 450, na faida itakuwa 130.

Hesabu hiyo ina siri ambayo wengi hawaitazami. Mahamri ishirini na moja huleta shilingi 315, kwa hiyo ni hamri la ishirini na mbili linalomaliza kurudisha mtaji, na faida yote imo katika yale tisa ya mwisho. Yakisalia tisa kwenye ndoo, karani amekaanga bure, kwani hamri la asubuhi likifika alasiri hukakamaa na halina mnunuzi wa bei ile. Ndiyo maana oda ya jioni ina thamani kuliko mapishi mazuri. Zikija oda za mahamri kumi na nane, yakandwe ya kutosha kumi na nane au ishirini; asikande thelathini kwa matumaini.

Kinachoizamisha biashara hii mara nyingi si masalio, bali ni neno moja, «utaniandikia». Mwenzako wa kazini si mpita njia. Mnakula pamoja, mnachangiana arusi na misiba, na kumnyima hamri la shilingi 15 kunaonekana kama ubahili. Sasa fuata hesabu. Tuseme nusu ya mahamri inachukuliwa kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Kila siku karani anatumia shilingi 320 na kupokea taslimu 225, basi pengo la shilingi 95 analiziba kwa mshahara wake. Katika siku 22 za kazi atakuwa ametoa mfukoni shilingi 2,090, na daftari litaonyesha kwamba anadai 4,950. Faida ya mwezi mzima ni 2,860. Jumlisha faida hiyo na zile 2,090 alizotoa mfukoni, utapata 4,950 kamili, yaani faida yote na sehemu ya mtaji wake vimelala katika madeni ya wenzake. Daftari linasema biashara inakwenda vizuri, mfuko unasema hakuna kitu, na vyote viwili vinasema kweli.

Dawa yake si kukataa mkopo kabisa, jambo ambalo kwa maoni yangu haliwezekani kati ya watu wanaoonana kila siku, bali ni kuufupisha. Deni likilipwa kila Ijumaa, pengo la mfukoni haliwezi kuzidi shilingi 475, na mdaiwa hulipa kiasi asichokisikia. Anayekula mahamri mawili kwa siku akiombwa shilingi 150 za wiki huzitoa. Akiombwa 660 za mwezi mzima siku ya mshahara, siku ambayo mwenye nyumba na mwenye duka nao wanamngoja, huanza kupita mlango mwingine.

Nguo zina tabia tofauti. Hamri huliwa na kesho likatakiwa tena, lakini aliyenunua dera mwezi huu huenda asinunue jingine mpaka Idi ikaribie. Katika watu arubaini, labda kumi tu ni wanunuzi wa madera, na wakishanunua soko limekwisha hadi msimu mwingine. Kwa sababu hiyo, anayekwenda Mombasa kununua madera kumi kwa fedha zake anaibeba hatari ileile ya mwenye duka. Afadhali achukue mali kauli, yaani apewe nguo na mwenye duka kwa makubaliano ya kulipa akishauza na kurudisha zisizouzika, au apige picha, apokee arbuni ya nusu bei, ndipo anunue ile iliyoagizwa kwa rangi na kipimo chake. Huduma kama kupaka hina au kushona hazihitaji mtaji wa kutisha, lakini zinakula saa, na saa za mchana ni za mwajiri.

Mwajiri naye anahitaji kuzungumzwa mapema. Katika hoteli nyingi walinzi wa lango hupekua mifuko, na mfanyakazi anayeonekana na ndoo ya vyakula anaweza kudhaniwa amevitoa jikoni mwa hoteli. Ruhusa ya meneja, ikiwezekana ya maandishi, na ahadi ya kuuza wakati wa chai tu, huondoa shaka hiyo. Jambo jingine ni cheo. Msimamizi akiwauzia walio chini yake, watanunua kwa haya au kwa hofu, naye atadhani ana soko. Njia rahisi ya kulipima soko ni kutoleta kitu siku mbili bila kutangaza: wanaouliza «mbona leo hukuleta?» ndio wanunuzi, na waliobaki walikuwa wanakustahi.

Kuna mipaka miwili ambayo kalenda ya pwani humwekea muuzaji huyu. Mwezi wa Ramadhani chai ya saa nne hukosa wanywaji wengi, na anayeendelea kukanda mahamri ya asubuhi atabaki nayo. Wenye ujuzi hugeuza oda ziwe kaimati, sambusa na viazi vya karai vya kupeleka nyumbani kwa futari, vinavyokabidhiwa wakati wa kutoka kazini. Mpaka wa pili ni mzito zaidi, na unawahusu hasa watu wa hoteli. Masika yanapoingia kati ya Aprili na Juni, wageni hupungua, na baadhi ya hoteli hufunga au huwapa wafanyakazi likizo isiyo na malipo. Mshahara uliokuwa ukiziba pengo na wanunuzi waliokuwa wakileta faida huondoka katika mwezi huohuo. Kwa hiyo karani wetu anapaswa kuyakusanya madeni yake yote kabla ya mwisho wa Machi, na kuwa tayari na wanunuzi wachache walio nje ya lango, kama walimu wa shule iliyo jirani au majirani wa mtaani, watakaoendelea kunywa chai hoteli ikiwa imefungwa.