Je, wajua kwa nini oveni ya taslimu inaweza kukuacha bila unga?

"Nina milioni 7. Nataka oveni ya milioni 6 nianze kuoka mikate ya kusambaza madukani. Nilipe taslimu, nichukue kwa mkataba, au nikodi?"

Lipa zaidi ya nusu, kisha deni lililobaki ulimalize ndani ya mwaka mmoja. Hivyo ndivyo ningefanya mimi kwa fedha hizo. Njia zote tatu ulizotaja zina mahali pake, lakini kwa mwoka mikate kila moja ina shimo lake.

Tofauti ya njia hizi unaijua tayari kama umewahi kukaa kijiweni na madereva wa bodaboda. Kuna anayeendesha kwa hesabu: jioni anampelekea mwenye pikipiki kiasi walichokubaliana, na hata akiendesha miaka mitano pikipiki haiwi yake. Huko ni kukodi. Kuna anayeendesha kwa mkataba: naye analeta fedha kila siku au kila wiki, lakini akimaliza, kadi inabadilishwa jina na pikipiki ni yake. Na kuna aliyenunua taslimu, ambaye hana wa kumpelekea chochote. Mashine za biashara zinafuata mpango huohuo, ila kwenye mashine utakutana pia na karadha. Kampuni ya karadha inainunua oveni uliyoichagua wewe, kutoka kwa muuzaji uliyemchagua wewe, kisha inakukodisha kwa miaka kadhaa. Mwishoni unairudisha, unaongeza muda, au unaichukua kwa malipo madogo, kutegemea mlivyoandikiana. Tanzania ilitunga sheria mahususi ya karadha ya namna hii mwaka 2008.

Tuanze na taslimu, kwa kuwa ndiyo inayovutia zaidi mtu mwenye fedha mkononi. Ukilipa milioni 6 unabaki na milioni 1. Tuseme unga, sukari, hamira, mafuta na gesi ya siku moja vinakula shilingi 180,000. Sasa maduka hayanunui mkate mpya kwa fedha taslimu. Yanachukua mali kauli, yanauza, na wewe unapita kukusanya baada ya wiki. Maana yake ni kwamba kabla shilingi ya kwanza haijarudi unahitaji kuwa umetoa 180,000 mara saba, yaani 1,260,000. Wewe una milioni 1. Siku ya sita asubuhi fedha iliyobaki haitoshi kununua viungo vya siku hiyo. Oveni ni yako kabisa, haidaiwi na mtu, na imepoa.

Hapo ndipo watu wengi hukimbilia kausha damu ili wanunue unga. Mtu aliyekwepa riba ya kadiri kwenye mashine, ambayo ingekuwa dhamana ya deni lake lenyewe, anaishia kulipa riba kali kwenye gunia la ngano. Fedha ya mzunguko ndiyo ngumu kukopa kwa masharti mazuri, kwa sababu mkopeshaji hawezi kuja kuchukua mkate ulioliwa. Oveni anaweza kuja kuichukua, na ndiyo maana anakubali kukupa kwa mkataba.

Basi tuuangalie huo mkataba. Tuseme muuzaji anataka kianzio cha asilimia 30, yaani 1,800,000, na 4,200,000 inayobaki unailipa kwa miezi 24 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Inasikika ndogo. Muulize swali moja tu: hiyo asilimia 2 ni ya nini? Kama ni ya deni la mwanzo, ile ambayo maofisa mikopo huiita flati, utatozwa 84,000 kila mwezi bila kubadilika. Mwezi wa kwanza ni sawa, kwa kuwa kweli unadaiwa milioni 4.2. Lakini mwezi wa 24 deni lililobaki ni 175,000 tu, na bado unatozwa 84,000 ileile. Rejesho lako ni 259,000 kwa mwezi, riba yote inafika 2,016,000, na oveni ya milioni 6 inakugharimu 8,016,000.

Asilimia hiyohiyo 2 ikihesabiwa kwenye salio, yaani deni linapopungua na riba inapungua, rejesho linashuka hadi kama 222,000 na riba yote inakuwa karibu 1,130,000. Kwa maneno mengine, flati ya asilimia 2 kwa muda huo ni sawa na karibu asilimia 3.4 kwa mwezi ikihesabiwa kwenye salio. Karatasi mbili zinaweza kuandikwa namba ileile na zikatofautiana kwa karibu shilingi 900,000. Usilinganishe asilimia, basi. Chukua rejesho, zidisha kwa idadi ya miezi, ongeza kianzio, kisha weka jibu kando ya bei ya taslimu. Muuzaji asiyetaka kukuandikia bei ya taslimu kwenye karatasi hiyohiyo, mimi singesaini kwake.

Sasa rudi kwenye milioni 7 zako. Kianzio cha 1,800,000 kinakuacha na 5,200,000 mkononi, na biashara yako haihitaji zote hizo. Inahitaji 1,260,000 ya mikate iliyoko madukani, na akiba ya marejesho matatu kwa ajili ya mwezi mbaya. Zinazobaki zitakaa tu, huku ukizilipia riba. Kwa hiyo mwambie muuzaji utatoa kianzio cha 3,600,000, na 2,400,000 utailipa kwa miezi 12. Hata akikutoza kwa flati ileile ya asilimia 2, riba yote ni 576,000 na rejesho ni 248,000 kwa mwezi. Angalia vizuri hapo: rejesho limepungua kidogo kuliko lile la 259,000, unamaliza mwaka mmoja mapema, na umeokoa 1,440,000. Mkononi umebakiwa na 3,400,000. Ukitenga fedha ya mzunguko na marejesho matatu, bado una kama milioni 1.4 ya kusafirisha oveni, kuifunga, na kuvuta umeme wa fezi tatu kama oveni ni ya umeme. Gharama hiyo ya mwisho wengi huisahau hadi mashine iko mlangoni.

Rejesho la 248,000 ukiligawa kwa siku 26 za kuoka ni kama 9,500 kwa siku. Hiyo ndiyo hesabu unayompelekea mwenye oveni, kama yule dereva. Ikiwa baada ya viungo na posho ya kijana wa kusambaza kila mkate unakuachia 150, mikate 64 ya kwanza kila siku ni ya muuzaji, na wako unaanza na wa 65. Kama huna uhakika wa kuuza mikate 64 hata siku ya mvua, bado hujafikia kusaini mkataba. Omba kwanza kukodi nafasi ya usiku kwenye oveni ya mwoka mwingine, upime soko lako.

Jambo lingine linalobadilika na ukubwa wa kianzio ni nguvu yako siku utakapochelewa. Ununuzi wa mkataba ulipewa umbo lake la kisheria Uingereza mwaka 1895, katika kesi ya Helby dhidi ya Matthews. Mtu alikodishiwa piano kwa malipo ya kila mwezi, na kabla hajamaliza akaiweka rehani. Mahakama ya juu kabisa ikaamua kwamba piano bado ilikuwa ya aliyeikodisha, kwa sababu aliyeikodi alikuwa na haki ya kuirudisha wakati wowote na kuacha kulipa, kwa hiyo hakuwa amekubali kununua. Mkataba wako umejengwa juu ya wazo hilo. Huwezi kuiuza oveni wala kuiweka dhamana kabla ya rejesho la mwisho, na ukikwama, mwenye oveni anaweza kuidai.

Kenya wameweka kizuizi hapo. Sheria yao ya ununuzi wa mkataba inasema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei yote, mwenye mali hawezi kuichukua bila kwenda mahakamani. Ulinzi huo hauihusu kampuni iliyosajiliwa, na una ukomo wa bei. Nauleta kwa sababu unaonyesha thamani ya kianzio kikubwa. Kwa mpango wa milioni 1.8, ungevuka theluthi mbili kwenye rejesho la 14. Kwa mpango wa milioni 3.6, unavuka kwenye rejesho la 4. Popote ulipo, unaweza kuomba kifungu cha namna hiyo kiandikwe kwenye mkataba wako, na mtu aliyeweka kianzio kikubwa ana sauti ya kukiomba.

Suala la kukodi moja kwa moja nimeliacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa oveni ya mkate inafanya kazi kila siku, na kitu cha kila siku hakifai kukodiwa kwa miaka. Hesabu yake inageuka kwa fundi ujenzi. Tuseme mashine ya kuchanganyia zege inauzwa 4,500,000 na inakodiwa 80,000 kwa siku. Bei yake ni sawa na siku 56 za kukodi. Fundi anayemwaga zege siku mbili kwa mwezi atazifikisha baada ya zaidi ya miaka miwili, na muda wote huo matengenezo, ulinzi na mahali pa kuiweka ni juu ya mwenye mashine. Huyo akodi. Anayemwaga siku kumi kwa mwezi anazifikisha kabla ya miezi sita, naye atafute yake.

Karadha isikuchanganye na kukodi huku. Kwenye karadha, matengenezo na bima kwa kawaida ni juu yako, na malipo hayasimami oveni ikiharibika, kwa sababu kampuni ilitoa fedha tu na mashine uliichagua wewe. Wajibu huo huanza siku unaposaini hati ya kupokea. Kwa hiyo usiisaini oveni ikiwa bado kwenye gari au imefungwa tu ukutani. Iwashwe, ifike joto la kuokea, kisha ujaze trei zote, siyo moja. Zitoe na ulinganishe mikate ya pembe za nyuma na ya mlangoni. Kama nyuma imeungua na mbele bado ni nyeupe, kalamu irudi mfukoni hadi fundi wa muuzaji arekebishe na mwoke tena.