Hujala, Mbona Sukari Imepanda?

Mama mmoja alikuja kliniki yetu ya kisukari akiwa na daftari lake la vipimo mkononi. "Daktari, jana usiku sikula kitu, nilikunywa maji tu. Mbona asubuhi nimekuta 11.4?" Alidhani mashine yake imeharibika. Tukampima kwa yetu: 11.2. Mashine ilikuwa nzima.

Tuanze na mtu asiye na kisukari. Asubuhi kabla hajala, sukari yake huwa kama milimoli 5 kwa lita. Ukikusanya sukari yote iliyomo katika damu yake wakati huo, haizidi sana kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho hakitakiwi kuisha, kwa kuwa ubongo hutumia sukari saa zote, hata mtu akiwa usingizini. Kazi ya kukijaza ni ya ini. Ukishakula ugali au wali, ini huweka akiba. Usiku huitoa kidogo kidogo, na akiba ikipungua hutengeneza sukari mpya kutokana na vitu vingine vya mwili, zikiwemo protini. Ndiyo maana mtu mwenye afya anaweza kufunga tangu alfajiri hadi magharibi bila sukari yake kushuka vibaya.

Sasa, nani huliambia ini kwamba inatosha? Ni insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho. Wengi wameelezwa kwamba insulini ni ufunguo unaofungulia sukari mlango wa seli, na kwa misuli na mafuta ni kweli. Lakini kwenye ini insulini ni breki. Kongosho huitoa nyingi baada ya chakula, na kidogo kidogo usiku kucha, ili ini lisimwage sukari kupita kiasi.

Mama yule ana kisukari cha aina ya pili. Insulini anayo, ila haimtoshi, na ini lake haliisikii vizuri. Hivyo amelala na njaa, na ini limeendelea kumwaga sukari usiku kucha. Kuruka chakula cha jioni hakukuweza kulizuia. Metformini, dawa anayomeza kila siku, kazi yake kubwa ni hapo hapo kwenye ini. Nilipomuuliza, akasema siku asipokula haimezi.

Kwa mwenye aina ya kwanza, kosa la namna hii ni la hatari kubwa, kwa sababu kongosho lake karibu halitoi insulini kabisa. Tulimpokea kijana wa miaka 19 aliyepata malaria. Alikuwa anatapika, chakula hakipiti, akawaza: sijala, nikichoma sindano sukari itashuka nizimie. Akaacha insulini siku mbili. Alipoletwa alikuwa anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, midomo imekauka, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mashine ikaandika `HI`, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma.

Bila breki, ini lilimwaga sukari, na homa ikalichochea zaidi. Sukari ikipita milimoli 10 hivi, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo ikitoka kwenye mkojo huvuta maji. Ndiyo maana alikojoa sana na kukaukiwa. Misuli nayo haikuweza kuingiza sukari iliyojaa kwenye damu, mwili ukayeyusha mafuta, na ini likayageuza kuwa asidi ziitwazo ketoni. Ketoni ndizo zilizotoa harufu ile. Kuhema kwa nguvu ni mwili unajaribu kupunguza asidi kupitia mapafu. Tulimtundikia dripu ya maji na kumpa insulini na potasiamu, tukimpima kila saa, hadi pumzi ikatulia.

Kabla ya 1922, watoto wenye ugonjwa huu walinyimwa chakula kama tiba, na bado walikufa. Januari mwaka huo, huko Toronto, Leonard Thompson wa miaka 14 alichomwa insulini, na sukari yake ikashuka. Njaa haikuwahi kuwa badala ya insulini.

Kama una aina ya kwanza na umeugua hata huli, usiache kabisa insulini, hasa ile inayofanya kazi kwa muda mrefu. Pima kila baada ya saa nne, usiku pia, unywe maji mara kwa mara, na umpigie mhudumu wako akuambie uchome kiasi gani, maana dozi huweza kupanda au kushuka. Sukari ikiwa chini ya 4, kunywa soda au maji yenye sukari, upime tena baada ya dakika 15. Ukitapika kila unachokunywa, au ukianza kuhema kwa nguvu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.