Sauti ya chapa, na pale akili mnemba inapoipoteza

Sauti ya chapa ni ile namna ya kusema ambayo mteja anaitambua hata jina la biashara likifunikwa. Wengi hudhani ni rangi na nembo, lakini kwenye maandishi inakaa katika mambo ambayo biashara hiyo peke yake inaweza kuyasema.

Nilikaa na dada mmoja anayekaanga kahawa Mbale, mji wa Uganda ulio chini ya Mlima Elgon, akipanga matangazo ya mwezi. Aliiandikia programu ya akili mnemba: "Nipe mawazo ya matangazo ya kahawa yetu." Ikamletea "Kutoka shambani hadi kikombeni" na "Anza siku yako kwa ladha halisi." Tukaweka jina la mkaangaji wa Fort Portal mahali pa jina lake, na kila sentensi ikabaki kweli. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Si kwamba programu ni mbovu. Hutunga kwa kukisia neno linaloelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi iliyofunzwa nayo. Ukiipa maelezo machache, itakurudishia yale ambayo wengi wameshayasema.

Basi kwanza tukaandika mistari kama thelathini ya mambo ya dukani: wateja waliuliza nini wiki ile, kwa nini buni zinazoelea majini hutolewa, nani hununua robo kilo na kwa nini. Majina na namba za simu za wateja hatukuziandika. Kisha ombi likabadilika: "Usiandike tangazo. Kutokana na mistari hii, nipe maswali 20 ya wateja, na kila swali uonyeshe limetoka mstari gani." Swali lisilokuwa na mstari tulilifuta. Yakabaki matatu mazuri, na moja lilikuwa la mama aliyeuliza: "Sina mashine, nitapikia sufuria?"

Jibu akaliandika mwenyewe, kama anavyolisema kaunta: "Chemsha maji, epua, tia kahawa, funika dakika nne, acha unga ushuke."

Ukweli pia ukaguliwe na mtu. Katika wazo mojawapo programu iliandika "robusta ya Mlima Elgon", ilhali miteremko ile inajulikana kwa arabika. Robusta ni ya nyanda za chini zaidi, kama Masaka. Mkulima wa Bugisu, kwenye miteremko hiyo, akisoma kosa hilo, hatakuamini hata kwenye bei.

Hatari ya mwisho huja kazi ikiwa karibu kwisha, pale unapoomba maandishi "yalainishwe". Dada alijaribu, na "acha unga ushuke" ikageuka "furahia utulivu wa ladha". Akairudisha sentensi yake, kisha akauliza tu ni wapi msomaji angekwama. Programu ikamwonyesha kwamba hakutaja kiasi cha kahawa. Akaongeza: "vijiko viwili kwa kikombe kikubwa."